UZI: Binti kapata 61, kaka yake 75, Excel inasema 43. Swali ni moja, x ni −3. Nani yuko sawa?

MamaTaji_Kayole

Hamjambo wadau. Naomba mnisaidie, hapa kwangu kumekuwa na mabishano tangu jana jioni na chakula kimelala.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Amerudi na kazi ya aljebra iliyosahihishwa, na swali lililomtoa machozi ni hili: tafuta thamani ya

20 − x² + 2(x − 1)²

x ikiwa ni −3.

Yeye alipata 61. Ametumia kalkuleta ya sayansi, ile ya shule, akabonyeza mbele yangu mara mbili na mara zote ikatoa 61. Kaka yake aliyemaliza shule akachukua kalamu akapata 75. Mimi ni karani Industrial Area, Excel nashinda nayo kutwa, nikaandika swali lile lile alivyoliandika binti nikapata 43. Mwalimu wake amechora mkasi juu ya 61 na hakuandika neno lingine.

Mstari wa kwanza kwenye daftari lake uko hivi: 20 − −3² + 2(−3 − 1)². Mimi siuoni ubaya wake. Kalkuleta yenyewe imekubali. Kosa liko wapi?

Msomi_Umoja

Mama Taji, wote mmekosea. Kanuni ni BODMAS, na kwenye BODMAS herufi ya kujumlisha inatangulia ya kutoa. Kwa hiyo kwanza unajumlisha 9 na 32 unapata 41, halafu 20 toa 41 ni −21. Jibu ni −21.

MamaTaji_Kayole

Sasa tuna majibu manne 😩

Mtanga_Nairobi

Sisi tuliosoma Tanga tulifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Lakini sasa naitazama, vipeo viko wapi humo? Neno zima halina kipeo. Na hata BODMAS ya Kenya, ile O watoto wengi hapa wanaisoma kama "ya", yaani nusu ya kitu, robo ya kitu. Sasa mtoto akikutana na ile 2 ndogo ya juu anaiweka wapi?

Mwalimu_Mstaafu

Mama Taji, nimefundisha hesabu Eastlands miaka mingi, na majibu yenu yananifurahisha kwa sababu kila moja linaonyesha kosa lilipotokea. Jibu ni 43. Ngoja nilifanye taratibu, kisha nirudi kwa kila mmoja.

Kabla ya hesabu yoyote, −3 inavaa mabano. Kila mahali penye x, andika (−3):

20 − (−3)² + 2((−3) − 1)²

Sasa tunaingia ndani ya mabano. Lile la mwisho lina kazi: −3 toa 1 ni −4. Lile la kwanza halina kazi ndani yake, lina namba tu, liache lilivyo.

20 − (−3)² + 2(−4)²

Halafu vipeo. (−3)² ni −3 mara −3, yaani 9. (−4)² ni 16.

20 − 9 + 2 × 16

Kuzidisha: 2 mara 16 ni 32.

20 − 9 + 32

Ni hapa tu, mwishoni kabisa, ndipo tunaposoma kutoka kushoto kwenda kulia. 20 toa 9 ni 11, ongeza 32 ni 43.

Nimwanze binti. Alitoa x akaweka −3 bila mabano, akaandika −3². Kipeo hushika kitu kilichokigusa tu. Kwenye −3² kinachoguswa na ile 2 ni 3 peke yake, si alama ya kutoa. Kwa hiyo −3² ni kinyume cha 9, yaani −9. Kalkuleta ikafanya 20 toa −9, ikapata 29, ikaongeza 32, ikatoa 61. Kalkuleta haikukosea hata kidogo. Ilijibu swali ambalo mwalimu hakuliuliza.

Kaka yake alisoma 2(−4)² kama anavyosoma sentensi, kushoto kwenda kulia. Akazidisha 2 na −4 akapata −8, halafu akaipa kipeo, 64. Kisha 20 − 9 + 64 ni 75. Yeye alijua mraba wa −3 ni 9, hapo simlaumu. Alichokosa ni kwamba kipeo cha (−4)² kinashika mabano, wala hakifiki kwenye 2 iliyo nje.

Ndugu Msomi, wewe ulifanya vizuri mpaka mstari wa mwisho. Ulipata 9, ukapata 32, hesabu ngumu uliimaliza. Lakini kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, hakuna mkubwa. Ukiambiwa 10 − 4 + 3, kwa kanuni yako ni 10 toa 7, yaani 3. Sasa chukua shilingi 10 mfukoni, toa 4, kisha mtu akupe 3. Una ngapi?

Msomi_Umoja

9.

Nakubali hapo, mwalimu. Lakini mbona herufi zimepangwa hivyo? Mwalimu wangu alisisitiza zifuatwe kama zilivyo.

Mwalimu_Mstaafu

Herufi lazima zikae kwenye mstari, haziwezi kukaa mbili mahali pamoja. Ndiyo hasara ya neno la kukariri. Kugawanya na kuzidisha nazo ni daraja moja. 24 ÷ 4 × 3 ni 18, kushoto kwenda kulia. Ukizidisha kwanza unapata 2, na umepotea.

Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba alama iliyo mbele ya namba ni mali ya namba hiyo. Kwenye 20 − 9 + 32, ile alama ya kutoa ni ya 9, haimhusu 32. Ukiona hivyo unaweza hata kuzipanga upya, 32 + 20 − 9, na jibu halibadiliki.

Mtanga_Nairobi

Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo MAGAZIJUTO nayo ina shimo hilo hilo, "JU" kabla ya "TO".

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Ina mashimo mawili: hilo, na lile la vipeo ulilolitaja wewe mwenyewe. Vipeo vinakaa baada ya mabano na kabla ya kuzidisha.

MamaTaji_Kayole

Mwalimu, asante sana, nimemwita binti tunasoma pamoja. Lakini kuna jambo moja linanisumbua. Mimi kwenye Excel niliandika vile vile kama yeye, bila mabano kwenye −3. Mbona nikapata 43 na yeye 61? Kama mstari wake ulikuwa mbovu, wangu pia ulikuwa mbovu.

Msimbo254

Hilo nalijua vizuri kwa sababu liliwahi kunila siku mbili kazini. Mama, wako ulikuwa mbovu pia, ila Excel ilikuokoa kwa bahati.

Excel ina utaratibu wake. Alama ya hasi iliyo mwanzoni mwa namba inaihesabu kama sehemu ya namba, na inaifanya kabla ya kipeo. Jaribu hizi tatu kwenye seli tofauti:

```
=-3^2
=0-3^2
=-(3^2)
```

Ya kwanza itakupa 9. Ya pili na ya tatu zitakupa −9. Tazama ya kwanza na ya pili: tofauti ni sifuri tu iliyowekwa mbele, na kuongeza sifuri mbele hakupaswi kubadilisha chochote. Lakini ile sifuri inaifanya alama iwe ya kutoa badala ya kuwa hasi ya namba, na alama ya kutoa husubiri kipeo kimalize kazi.

Kwako ilikuwa hivi: `=20--3^2`. Alama ya kwanza ni ya kutoa, ya pili ni hasi ya 3. Excel ikaisoma kama 20 − (−3)², ikapata 11. Kalkuleta ya binti ikaisoma kama 20 − (−(3²)), ikapata 29. Tofauti ni 18, na ndiyo tofauti kati ya 43 na 61.

Python inaungana na kalkuleta na vitabu:

```
>>> -3**2
-9
>>> (-3)**2
9
```

Ukiweka mabano, zote tatu zinakubaliana.

MamaTaji_Kayole

Nimejaribu sasa hivi. Ni kweli, sifuri moja imegeuza 9 ikawa −9. Nimekaa na Excel miaka yote hii na sikuwahi kuliona hili.

DukaLaKona

Mimi naona tatizo ni hizi kalkuleta za bei rahisi, watu wasidanganywe. Juzi mteja alichukua unga wa 150 na maziwa pakiti tatu za 80. Nikabonyeza 150 + 3 × 80, kalkuleta ikaniambia 12,240! Karibu nimfukuze mteja. Nunueni kalkuleta nzuri, zile za mezani zimeharibika.

Msimbo254

Ndugu yangu, hilo si swali la Mama Taji, lakini ni jirani yake. Kalkuleta yako haijaharibika. Zile ndogo za duka hazisubiri mstari uishe, zinafanya kila kitu pale pale unapobonyeza. Ulipofika kwenye alama ya kuzidisha ilikuwa imeshajumlisha 150 na 3 ikapata 153, kisha 153 mara 80 ni 12,240. Hii ndiyo kusoma kushoto kwenda kulia kwenyewe, ndani ya mashine.

Tumia kibonye cha M+. Bonyeza 150 kisha M+. Halafu 3 × 80 kisha M+. Mwisho bonyeza MR (nyingine zina MRC), inakupa 390. Kabla ya mteja mwingine safisha kumbukumbu kwa MC, la sivyo 390 ya huyu itaingia kwenye bili ya yule.

DukaLaKona

Kumbe M+ ni ya hiyo. Nilikuwa naiona tu pale. Asante kaka.

Wanjala_Takwimu

Nimekuja kwenye uzi huu nikitafuta jambo lingine, ila niseme yaliyonipata. Niko chuo, mwaka wa pili, somo la takwimu. Tulikuwa tunachora ule mkunjo wa kengele kwenye Excel, ambao ndani yake kuna e iliyopewa kipeo cha hasi x mraba. Nikaandika hivi, A1 ikiwa na 2:

```
=EXP(-A1^2)
```

Ilitakiwa itoke kama 0.0183. Ikatoka 54.598. Kadiri nilivyosogea mbali na katikati, mkunjo ulipanda juu badala ya kushuka. Nilifuta data nikaingiza upya, nikabadili mizani ya mchoro, sikuona kitu. Nikapewa alama chache na aliyesahihisha hakusema kwa nini. Leo ndiyo nimeelewa: Excel ilifanya (−2)² ikapata 4, ikanipa e kipeo cha 4. Mimi nilitaka e kipeo cha −4.

Msimbo254

Ndiyo hiyo hiyo. Andika `=EXP(-(A1^2))` na kengele itainama.

Msomi_Umoja

Nirudi kidogo. Tangu shule ya msingi tunaambiwa hasi mara hasi ni chanya. −3 mraba ni −3 mara −3. Hiyo ni 9. Sasa kwa nini tuseme Excel ndiyo inayokwenda kinyume? Naona Excel ndiyo yenye akili, vitabu ndivyo vimefanya mambo kuwa magumu.

Mwalimu_Mstaafu

Swali zuri, na nusu ya kwanza uko sawa kabisa: −3 mara −3 ni 9. Lakini huo ndio mraba wa namba −3, nao huandikwa (−3)². Tunachobishania ni maana ya maandishi −3² yasiyo na mabano.

Chukua 20 − 3². Wewe unapata ngapi? Bila shaka 11, hakuna anayesema 29. Sasa futa ile 20, ubaki na − 3². Kama alama ile ilikuwa inasubiri kipeo wakati 20 ipo, kwa nini iache kusubiri 20 ikiondoka? Vitabu vinataka alama ile ifanye kazi moja kote. Mwanafunzi akihamisha vipande vya aljebra, akageuza −x² + 20 kuwa 20 − x², thamani isibadilike. Kwenye Excel, x ikiwa 3, `=-A1^2+20` inatoa 29 na `=20-A1^2` inatoa 11. Kwenye aljebra hivyo ni kitu kimoja kilichopangwa upya.

Na hili la kipeo kutangulia kuzidisha halikuletwa kuwatesa watoto. Liko ndani ya namba tunazoandika kila siku. 345 ni nini? Ni mia tatu, na makumi manne, na tano. Yaani

3 × 10² + 4 × 10 + 5

Mwambie kaka yake Taji aisome kushoto kwenda kulia, kila kitu kwa zamu. 3 mara 10 ni 30. Kipeo, 900. Ongeza 4, 904. Mara 10, 9040. Ongeza 5, 9045. Mia tatu arobaini na tano imekuwa elfu tisa na arobaini na tano. Bila utaratibu huu, kila 3 × 10² ingehitaji mabano, na kila sehemu ya swali lile la binti pia.

Msomi_Umoja

Ya 345 imeniingia. Ya Excel bado naona ni makubaliano tu. Waliotengeneza waliamua hivyo, na wakibadilisha leo mafaili ya watu yataharibika.

Msimbo254

Kwamba ni makubaliano sikatai. Shida ni pale mtu mmoja anapotumia makubaliano mawili siku moja bila kujua, asubuhi Excel, jioni daftari la mtoto.

Mtanga_Nairobi

Mwalimu, na ile inayozunguka kwenye makundi ya simu, 6 ÷ 2(1 + 2)? Nimeona watu wakitukanana kwa ajili yake. Wengine 9, wengine 1.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana wangu, hiyo hata kalkuleta za sayansi hazikubaliani. Nyingine huchukulia 2 iliyobanana na mabano kuwa kitu kimoja, zikapata 6 ÷ 6, jibu 1. Nyingine husoma 6 ÷ 2 × 3, zikapata 9. Mimi darasani sikuwahi kuliandika hivyo. Ningeandika mstari wa sehemu, juu na chini, mtu aone kinachogawanywa. Siwezi kukupa jibu moja ambalo kila mtu atakubali.

Mtanga_Nairobi

Wa 9 watakuja kukutafuta hapa 😀

MamaTaji_Kayole

Mwalimu, binti ana swali. Anasema wiki iliyopita alipata sawa swali la −x³ kwa x = 2, na pia la x³ kwa x = −2, na hakuweka mabano popote. Mbona hakukosea siku hiyo?

Mwalimu_Mstaafu

Hapo ndipo kosa hili hujificha. (−2)³ ni −8. Na −2³ nayo ni −8. Kipeo kikiwa 3, 5, 7, hasi inabaki hasi uweke mabano usiweke, kwa hiyo mtoto anaweza kupita mazoezi ya ukurasa mzima bila mabano na kupata vema zote. Kipeo kikiwa 2 au 4 ndipo anaanguka, na anashangaa kwa sababu anafanya kile kile alichofanya jana.

Mpe hili bila kumsaidia: swali lile lile, x iwe −2. Akimaliza niambie alichopata. Akija na 42, hajaweka mabano. 52, amezidisha kabla ya kipeo kama kaka yake. −2, amejumlisha kabla ya kutoa.

MamaTaji_Kayole

Nimekaa kando yake, sikusema kitu. Ameandika 20 − (−2)² + 2((−2) − 1)², halafu 20 − 4 + 2(−3)², hapo kalamu ikasimama kidogo juu ya ile 2, akaiacha, akaandika 9 kwanza. 20 − 4 + 18. Amepata 34.

Mwalimu_Mstaafu

Ni 34. Mpe hongera, na hasa kwa pale kalamu iliposimama.

MamaTaji_Kayole

Asante mwalimu, asanteni wote. Amechukua kalkuleta tena anajichezea, na sasa kanipa jingine ambalo sina jibu lake. Anasema waliambiwa namba yoyote isipokuwa sifuri, ikipewa kipeo cha 0, inakuwa 1. Amebonyeza −5⁰ na kalkuleta imesema −1. Anauliza kama kanuni ni ya uongo.

Mwalimu_Mstaafu

Usimjibu. Mwulize ile 0 ndogo imegusa nini.

MamaTaji_Kayole

Amenyamaza. Anaweka mabano.